Maporomoko ya ardhi: kwa nini mlima hushuka mvua ikiwa imeshakatika

Ukiwaambia watu wa Mwanza neno "maporomoko", wengi watakukumbusha Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka mlimani hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Ni kweli, hayo ni maporomoko. Lakini kwenye vilima vyetu vya Mabatini, Igogo, Bugarika au Isamilo, yanayotunyemelea mara nyingi ni madogo kuliko yale: kipande cha mteremko nyuma ya nyumba, upana wa chumba kimoja au viwili, kinachoachia na kushuka. Maporomoko ya ardhi maana yake ni hiyo tu: udongo, mawe au vyote pamoja vinashuka mteremkoni kwa uzito wao wenyewe baada ya kilichokuwa kinavishikilia kushindwa.

Kinachovishikilia ni nini? Nenda ufukweni uwatazame watoto wakijenga nyumba za mchanga. Mchanga mkavu haujengeki, unamwagika. Ukiwa na unyevu kidogo unasimama wima, hata mlango unautoboa. Mtoto akizidisha maji, nyumba nzima inalala chini kama uji. Unyevu kidogo unazivuta chembe za mchanga zishikane. Maji yakijaa nafasi zote kati ya chembe, mvuto ule unapotea, na maji yenyewe yanaanza kuzisukuma chembe ziachane. Udongo wa vilima vyetu kwa sehemu kubwa umetokana na miamba ya matale iliyooza taratibu, na una changarawe na mchanga mwingi. Kwa hiyo hufanya vilevile. Ndiyo maana mtu akichonga mlima apate kiwanja, ukuta wa udongo nyuma ya nyumba husimama wima miaka hata kumi, naye akaamini ni imara. Umesimama kwa sababu haujawahi kujaa maji.

Sasa tazama hayo maji yanaenda wapi. Chini ya udongo ule, pengine mita moja, pengine tatu, kuna mwamba mzima usiopitisha maji. Mvua inapenya udongoni, inafika kwenye mwamba, inakwama, inaanza kutiririka juu ya mgongo wa mwamba kuelekea chini. Pale ndipo utelezi unapotengenezwa. Na uzito nao unaongezeka. Mvua ya milimita 50 kwenye mteremko wa mita 10 kwa 20 ni lita 10,000, yaani boza zima. Si yote yanazama, mengine yanakimbia juu juu, lakini hata nusu yake ni tani tano zilizowekwa juu ya mgongo unaoteleza.

Kupenya huko kunachukua muda, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mvua ya siku ya kwanza inajaza udongo, ya siku ya pili inaujaza zaidi, na ya siku ya tatu, hata iwe ndogo, ndiyo inayoangusha. Tena maji ya juu ya kilima yanaendelea kushuka chini kwa chini saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Jua linawaka, watu wanarudi ndani kupumzika, na mteremko ndio kwanza umefikia hali yake mbaya kuliko zote.

Nililiona hili kwa jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa na jiko na chumba cha nyuma vilivyopakana na ukingo uliochongwa, kimo chake kama mita mbili na nusu. Masika yale tuligundua ufa juu ya ukingo, hatua nne hivi kutoka ukingoni, umejipinda kama mwezi mchanga. Ule mpindo ndio uliotutia hofu. Nyufa za udongo kukauka huwa zinakatana ovyo kama magamba ya kobe. Ufa uliojipinda, ncha zake zikielekea chini, ni mchoro wa kipande kinachotaka kuondoka. Juu zaidi kulikuwa na nyumba iliyokuwa ikimwaga maji ya kufulia hapohapo kila siku, na karo lake limejaa. Mlima ule ulikuwa ukinyweshwa hata kiangazi.

Mjukuu wake akapigilia vigingi viwili, kimoja upande wa juu wa ufa, kingine upande wa chini, kila kimoja na msumari kichwani, akawa anapima kwa futi ya fundi kutoka msumari hadi msumari na kuandika ukutani kwa mkaa. Jumatatu milimita 412. Jumatano 414. Alhamisi asubuhi 421. Alhamisi jioni 437. Angalia mwendo wenyewe: mbili kwa siku mbili, kisha saba kwa siku moja, kisha 16 kwa mchana mmoja. Ufa ukipanuka polepole kwa mwendo uleule, una muda wa kumwita mwenyekiti wa mtaa na fundi. Ukiongeza kasi kila unapopima, muda huo haupo. Bibi alihama Alhamisi hiyohiyo usiku. Mvua ilikatika saa nane za usiku. Ukingo ulishuka Ijumaa saa tatu asubuhi, jua likiwaka, ukajaza jiko hadi kwenye dirisha la chumba.

Kabla ya hapo nyumba yenyewe ilikuwa imeshasema. Mlango wa chumba cha nyuma ulianza kubana kwenye fremu. Ufa wa ukutani ulipanda kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, ukaendelea sakafuni na kutokea uani. Ufa wa plasta peke yake haufiki sakafuni. Na chini ya ukingo palikuwa panatoka maji mahali ambapo hapakuwahi kutoka. Yalipokuwa maangavu tulivumilia. Yalipogeuka tope, maana yake yalikuwa yanabeba udongo wa ndani.

Kama una ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, tazama matundu yake ya kutolea maji. Mvua inanyesha na matundu ni makavu? Yameziba, na maji yote yanausukuma ukuta kwa nyuma. Ukuta ukitoka tumbo, usilale upande ule.

Majabali ni habari nyingine, na hapa vigingi havisaidii sana. Jabali la Mwanza mara nyingi limekalia udongo au limeegemea mawe madogo yaliyojibana chini yake. Mvua inachota udongo ule, na mtu anayetafuta mawe ya kupasua kokoto anachomoa lile lililokuwa kabari. Piga mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye jabali na kuendelea kwenye mwamba wa jirani. Mistari ikiachana, jabali limesogea. Lakini jabali linaweza kung'oka bila kuonya, kwa hiyo kutoona dalili hakumaanishi usalama.

Ukisikia vijiwe vinadondoka vyenyewe au mizizi inakatika kwa mlio, toka, na utoke kwa kwenda ubavuni mwa mteremko. Usikimbilie bondeni, kwa maana tope linafuata njia hiyohiyo. Usipande juu kukagua ufa mvua ikinyesha. Piga 114, Zimamoto, ukiwa umeshafika mahali salama. Na usirudi siku hiyo kuokoa vyombo: kipande kilichoshuka kimeacha ukingo mpya, mkali zaidi, uliolowa vilevile, na usio na kitu cha kuuegemeza.