Msemo wa kimethali ni nini, na unaundwaje?

Msemo wa kimethali ni kauli mpya iliyotungwa na mtu anayejulikana, ila ikapewa umbo la methali: fupi, yenye pande mbili zinazopokezana, na inayosema jambo la maisha kwa kupitia kitu kinachoonekana. Hatuuiti methali moja kwa moja, kwa sababu methali hupata hadhi hiyo pale jamii inapoitumia hata mtunzi wake akasahaulika. Mtunzi hana uwezo wa kuamua hilo. Anachoweza ni kuhakikisha kauli yake imesimama vizuri.

Kilimo, uvuvi na soko ndimo zilimotoka methali zetu nyingi, na bado zina mengi ya kutoa. Tazama "Mchumia juani hulia kivulini". Upande wa kwanza una mizani saba, wa pili saba, na zote mbili zinaishia kwa -ni. Hakuna neno "bidii" wala "subira" humo. Kuna jua na kivuli tu, na msikilizaji anamalizia mwenyewe.

Sasa tutunge mmoja. Wazo letu ni mtu anayeanza kujiandaa wakati nafasi imeshafika. Tunachagua uvuvi, na ndani ya uvuvi tunachagua kitendo kimoja tu: kushona wavu uliotoboka. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa nchi kavu, kabla ya kuingia majini. Jaribio la kwanza laweza kuwa hivi: "Mvuvi ambaye hashoni wavu wake mapema hatapata samaki." Maana ipo, lakini hii ni nasaha tu. Neno "mapema" limeshafichua funzo lote, "ambaye" imeirefusha sentensi, na "hatapata" inazungumzia siku moja ijayo badala ya desturi ya siku zote.

Tuondoe "ambaye" na kuunda jina la mtendaji, kama wazee walivyofanya katika "mchumia" na "mpanda ngazi": tunapata "mshona wavu". Badala ya "mapema", tutaje mahali, maana mahali panaonekana: "majini". Kitenzi kibebe hu- ya mazoea. Kisha tujiulize, mtu huyu ameketi chomboni na wavu mapajani, samaki wanapita, anapata nini? Anawaona tu. Kiswahili kina usemi wa kula kwa macho, nao unaingia hapa bila kulazimishwa:

"Mshona wavu majini hula samaki kwa macho."

Ukihesabu, mizani ni nane kwa nane. Kuna atakayeshawishika kuweka "ndotoni" mahali pa "kwa macho", ili vina vilingane, na hesabu itabaki nane. Mimi ningekataa. Ndoto zinamtoa mvuvi chomboni na kumpeleka kitandani, ilhali uchungu wa picha hii ni kwamba yuko macho, na samaki wako karibu. Kina kikigombana na picha, afadhali picha ishinde.

Inabaki kuupima. Kwanza, je, ni kweli kwa wenye kazi yao? Msemo ukiwa na kosa katika maana ya juu juu, ile ya ndani haitasikilizwa. Anayesifu mbegu ya muhogo mbele ya wakulima atachekwa, kwani shambani muhogo hupandwa kwa vipande vya shina. Msemo wetu nao una mahali unapoyumba: wavu unaweza kunasa kwenye mwamba na kuchanika hukohuko baharini, na kuushona hapo si uzembe. Kwa hiyo usimwambie mtu aliyepatwa na dharura. Unamfaa aliyekuwa na muda akaupoteza.

Pili, utumie mbali na bahari. Mwanafunzi anafungua daftari kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani, na jirani yake anasema, "Mshona wavu majini." Akielewa bila upande wa pili kutajwa, umbo limekamilika, maana methali nyingi hukatwa hivyo katika mazungumzo. Ikibidi ueleze wavu ni nini na majini ni wapi, rudi ukabadilishe picha, pengine uende sokoni: mchuuzi anayetafuta mizani wakati wateja wamepanga foleni anabeba wazo lilelile, na wasikilizaji waishio mbali na maji watamwona upesi zaidi.