Kumwandikia Rafiki wa Zamani Ambaye Sasa ni Mnunuzi: Dhana Potofu na Ukweli

Kwa miaka 8 nilikuwa afisa ununuzi katika hoteli moja, na sasa ni mwaka wa 5 nikiwa upande wa pili: nina karakana ya kushona sare za kazi mjini Morogoro. Barua za watu niliosoma nao nimezipokea nikiwa mnunuzi, na za namna hiyo hiyo nimeziandika nikiwa muuzaji. Dhana ninazozieleza hapa nilikuwa nazo mwenyewe, baadhi yake hadi juzijuzi.

Dhana: Rafiki yangu ndiye afisa ununuzi, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho.

Katika hoteli ya wastani, sare za wahudumu hazianzii kwa afisa ununuzi. Mkuu wa idara ya usafi wa vyumba huandika ombi akitaja idadi, rangi na aina ya kitambaa. Mhasibu huthibitisha kwamba fedha ipo. Afisa ununuzi huomba bei kwa wauzaji wasiopungua watatu. Sampuli hurudishwa kwa mkuu wa idara azikague. Na mwishowe meneja ndiye anayesaini hati ya oda. Rafiki yako yuko katikati ya mnyororo huo, na anayoweza kukufanyia bila kumkosea mtu ni mawili tu: kukueleza namna ya kuingia kwenye orodha ya wauzaji, na kukutumia ombi la bei siku ileile anayowatumia wengine. Barua inayoomba zaidi ya hayo inamtaka aibe mamlaka ya wenzake, hata kama aliyeiandika hakukusudia hivyo.

Katika taasisi za umma nafasi yake ni finyu zaidi. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zabuni hutangazwa na kuwasilishwa kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, na muuzaji ambaye hajajisajili humo hana mlango ambao rafiki anaweza kumfungulia. Ukimwandikia mwenzako wa halmashauri akuingize, utakuwa umemwonyesha tu kwamba hujajisajili.

Dhana: Adabu ni kuanza na kumbukumbu za shule, na biashara ije mwishoni.

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo za utu wema. Nilipokuwa hotelini, mtu niliyesoma naye, ambaye hatukuwa tumezungumza kwa miaka 9, alinitumia ujumbe wa simu akiniuliza habari za watoto. Kesho yake aliniuliza habari za mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa, akanipa pole ndefu yenye dua. Siku ya tatu tulicheka kuhusu mwalimu wetu wa hesabu. Siku ya nne ikaja orodha ya bei za taulo. Taulo zenyewe zilikuwa nzuri; kilichoniuma ni kugundua kwamba pole ya mama yangu ilikuwa ngazi ya kupandia.

Salamu haziondolewi, maana barua ya Kiswahili isiyo na salamu ni kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kinachotakiwa ni salamu fupi, kisha sababu ya barua mara moja. Vilevile inafaa barua hiyo iende kwenye anwani ya ofisi badala ya simu yake binafsi. Ujumbe wa biashara ulioingia kwenye simu unamlazimisha mwenzako kuchagua kati ya kuupeleka ofisini, ambako ataulizwa kwa nini ulipitia kwake, na kuuficha. Barua ya ofisini huwa na kumbukumbu tangu siku ya kwanza, na kumbukumbu hiyo ndiyo kinga yake. Ile niliyomwandikia mwenzangu mmoja ilikuwa hivi:

> Kichwa: Kuuliza utaratibu wa kusajiliwa kuwa muuzaji wa sare
>
> Kaka, habari za siku nyingi? Ninakuandikia kwa ajili ya biashara, ndiyo maana nimetumia anwani ya ofisi. Nina karakana ya sare yenye mafundi 6, na tunaweza kushona seti 200 kwa wiki 5. Ningependa kujua kama hoteli yenu inapokea wauzaji wapya wa sare, na maombi yapelekwe kwa nani. Tulisoma darasa moja, kwa hiyo kama utaratibu wenu unataka jambo hilo litajwe, au kama ni bora nishughulikiwe na mwenzako mwingine, mimi sina pingamizi. Nimeambatisha leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi na orodha ya vitambaa. Kama kwa sasa hamhitaji, "hapana" fupi inatosha, na habari za nyumbani tutazungumza kwa simu kama kawaida.

Sentensi mbili katika barua hiyo zilinichukua muda kuliko nyingine. Ya kwanza ni ile inayotaja wazi kwamba tulisoma pamoja, nitakayoirudia hapa chini. Ya pili ni ile ya "hapana fupi". Mtu anayekufahamu huona haya kukukatalia, na akiona haya hunyamaza, na akinyamaza huanza kukukwepa hata misibani. Ukimpa njia ya kukataa mapema, umemwondolea mzigo huo. Kipimo ninachotumia kabla ya kutuma ni kimoja: je, mwenzangu anaweza kuisogeza barua hii kwa meneja wake bila kufuta neno hata moja? Maneno kama "unijali basi" au "si unanijua mimi" hayapiti hapo.

Dhana: Nikitaja kwamba tunafahamiana nitakosa nafasi, heri ninyamaze.

Kwa miaka mingi niliamini hivyo, nikidhani kunyamaza ndiyo uaminifu. Ukweli ni kwamba kunyamaza humwachia mwenzako siri ambayo hakuiomba. Katika ununuzi wa umma nchini Tanzania, wajumbe wa timu ya tathmini husaini tamko kwamba hawana mgongano wa maslahi, na nchini Kenya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 humzuia ofisa mwenye mgongano wa maslahi kushiriki katika mchakato. Kampuni binafsi nyingi zina fomu zao za kutangaza maslahi. Si kila urafiki unahesabika kuwa mgongano, lakini wa kuamua hilo ni ofisi yake, nayo haiwezi kuamua juu ya jambo isilolijua.

Nitatoa mfano wa oda iliyotokana na barua ile. Miezi michache baadaye hoteli iliomba bei ya seti 180 za sare za wahudumu. Bei yangu ilikuwa shilingi 46,000 kwa seti. Wenzangu wawili walitoa 43,500 na 51,000. Sikuwa wa bei ya chini. Sampuli zote tatu zilifuliwa mara 10 katika dobi la hoteli, na kitambaa cha yule wa 43,500 kikapauka na kusinyaa mabegani, hivyo mkuu wa idara akachagua cha kwangu. Tofauti ya bei kati yetu kwa oda nzima ilikuwa shilingi 450,000, na hakuna mkaguzi anayeipita tofauti kama hiyo bila kuuliza. Aliuliza kweli, kwa sababu yule muuzaji mwingine alilalamika. Kwenye faili akakuta barua yangu inayosema tulisoma pamoja, maandishi ya mwenzangu ya kujitoa katika ukaguzi wa sampuli, na taarifa ya dobi. Suala likaishia hapo.

Sasa chukua mambo yaleyale, kitambaa kilekile, dobi lilelile, ila bila sentensi ile ya kutaja darasa. Siku mtu atakapoleta picha yetu ya mahafali, bei tatu zile zitaonekana kama maigizo, na mwenzangu atajitetea juu ya uamuzi ambao ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, ningekuwa nimempokonya kinga yake kwa kulinda oda ambayo ningeipata vilevile.

Dhana: Kuuliza si kosa, na yeye ana hiari ya kutojibu.

Kuuliza kuna wakati wake. Kabla ombi la bei halijatoka, uliza lolote ambalo mgeni yeyote aliyepiga simu mapokezi angejibiwa: nyaraka zinazohitajika, msimu wa kubadilisha sare, siku ngapi malipo huchukua baada ya mapokezi ya mzigo. Ombi likishatoka, maswali yapite katika njia iliyotajwa humo, ili majibu yawafikie wote. Sheria ya Kenya niliyoitaja inakataza mzabuni kuwasiliana na taasisi bila kuombwa, baada ya muda wa kuwasilisha kufungwa, kwa namna inayoweza kuonekana kuwa ni kushawishi tathmini. Bajeti yao, bei za wengine na majina ya wanaotathmini hayaulizwi wakati wowote, hata kwa utani, kwa sababu thamani ya majibu hayo inatokana na kwamba wenzako hawanayo.

Dhana: Shukrani inayotolewa baada ya oda si rushwa.

Sheria ya kuzuia rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inataja manufaa yanayotolewa kama kishawishi, na pia yale yanayotolewa kama malipo ya jambo lililokwisha kufanyika. Kwa hiyo "asante" ya bahasha haina mjadala. Penye ugumu ni michango ya harusi. Kadi ya mchango wa binti wa mwenzako inaweza kukufikia wiki ileile ambayo bei yako iko mezani, na kutochanga katika jamii yetu ni tusi. Mimi huchanga kupitia kamati, kwa jina langu na si la karakana, kiasi kilekile ninachowachangia wenzetu wengine wa darasa, na kama tathmini inaendelea hungoja iishe. Wapo wanaoona kwamba kusubiri huko ni kujitia usafi kupita kiasi, nami siwalaumu, ila wengi wao hawajawahi kuketi mbele ya mkaguzi.

Dhana: Akinyamaza, nimkumbushe kupitia kundi la darasa au mkewe.

Ukumbusho ni mmoja, baada ya wiki 2, kwenye barua ileile ya ofisi, ukiuliza tu kama iliwafikia. Usipojibiwa, hilo ndilo jibu. Kundi la darasa lina watu 60 wanaosoma, na swali lako la "mbona kimya, kaka?" litakuwa limemshtaki mbele yao wote bila yeye kuwa na namna ya kujieleza. Baada ya hapo mpigie wakati wa sikukuu kama ulivyokuwa ukimpigia, na neno la sare lisitajwe, isipokuwa yeye mwenyewe alilete.

Yule wa taulo sikumpa oda, kwa sababu mwaka ule taulo zilikuwa zimeshanunuliwa. Nilimjibu kwa upole na kumpa anwani ya ofisi kwa ajili ya mwaka uliofuata. Hakuandika tena, wala hakuuliza kama mama alipona.