Mapato yanayotozwa kodi: kisanduku kimoja kilichomkwamisha Zawadi

Tumwite Zawadi. Amemaliza chuo, amepata ajira, amefanya kazi mwaka mzima wa kodi, na sasa anajaza ritani yake ya kwanza mtandaoni. Jina na namba ya mlipakodi vimekubali. Jina la mwajiri limejitokeza lenyewe. Kisha mfumo unamuuliza: "Mapato yanayotozwa kodi". Mbele yake kuna kisanduku kitupu, na mkononi ana majibu matatu yanayopishana.

La kwanza limo kwenye mkataba wake: mshahara wa 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. La pili limo kwenye cheti cha kodi alichopewa na mwajiri, nalo ni 11,400. La tatu analijua bila kutazama popote, kwa sababu ndilo analoishi nalo: 800 zinazoingia benki kila mwezi, 9,600 kwa mwaka.

Akaandika 9,600. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo: mapato ni kile nilichopata, na hizo nyingine sijawahi kuzitia machoni. Chini yake, penye kodi iliyokwishakatwa na mwajiri, akajaza 1,080 kama cheti kilivyosema, akabonyeza kitufe cha kukokotoa. Mfumo ukamjibu kwamba atarudishiwa 360.

Alimpigia simu binamu yake, ambaye ni mhasibu.

"Kaka, nimejaza ritani, kumbe si wao wanaonidai, mimi ndiye ninayewadai!"

"Usitume kwanza. Kwenye mapato umeandika ngapi?"

"Ile iliyoingia benki."

"Basi hiyo 360 si yako."

Ili kuona kwa nini si yake, inabidi tufuate mshahara wake wa mwezi mmoja tangu unapotoka kwa mwajiri. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano tu, kila nchi ina vyake. Tuseme 6,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu, ambazo ni 500 kwa mwezi, na kinachozidi hapo kinatozwa asilimia 20.

Kwenye 1,000, mwajiri anaondoa kwanza 50 za mfuko wa pensheni. Katika mfano huu, kama ilivyo katika nchi nyingi, sheria inaruhusu mchango huo utolewe kabla kodi haijapigwa. Zinabaki 950, na hizi ndizo mapato yanayotozwa kodi. Mwajiri anaweka kando 500 zisizotozwa, anapiga asilimia 20 ya 450 zilizobaki, anapata 90, anazipeleka kwa mamlaka ya kodi. Baada ya hapo ndipo anakata 60 za mkopo ambao Zawadi alichukua kazini. Ukitoa 50, 90 na 60 kwenye 1,000, unapata zile 800 za benki.

Tazama mahali makato yalipokaa. Pensheni imekatwa kabla ya hesabu ya kodi, kwa hiyo imepunguza mapato yanayotozwa. Mkopo umekatwa baada yake, na haukupunguza kitu. Kodi yenyewe nayo haijipunguzi: huwezi kutoa 90 kwenye mshahara kisha useme kodi ihesabiwe kwenye kilichobaki. Karatasi ya mshahara hupanga makato yote safu moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mbele ya sheria ya kodi, kila kato lina hadhi yake. Zipo pia nyongeza zisizopita benki kabisa, kama nyumba au gari la mwajiri, ambazo sheria za nchi nyingi huzihesabu kuwa sehemu ya mapato. Mwenye nazo anaweza kukuta mapato yake yanayotozwa kodi yamezidi hata mshahara wa mkataba.

Sasa rudi kwenye hesabu ya mwaka. Mapato yanayotozwa ni 11,400. Toa 6,000, zinabaki 5,400, na asilimia 20 yake ni 1,080. Mwajiri amekwisha kukata 90 mara 12, ambazo ni 1,080 hiyo hiyo. Hakuna anayemdai mwenzake. Zawadi alipoweka 9,600, mfumo ulitoa 6,000, ukapiga asilimia 20 ya 3,600, ukapata 720. Ukaona amelipa 1,080 kwa kodi ya 720, ukatangaza kumrudishia tofauti. Mfumo hukokotoa kile ulichouandikia, haujui kama ni kweli. Lakini mwajiri naye hupeleka taarifa zake kwa mamlaka, na namba mbili zisizolingana kwa mtu mmoja ni jambo rahisi sana kulibaini.

Kosa la upande wa pili lingemuumiza yeye mwenyewe. Angeandika 12,000 za mkataba na kuishia hapo, kodi ingekuwa 1,200, naye angeambiwa adaiwa 120 ambazo hadaiwi. Watu huzilipa hizi, kwa sababu wakiona deni wanadhani mfumo haukosei.

Baada ya kueleweshwa, Zawadi alisahihisha kuwa 11,400. Akashuka chini kidogo, akaona kisanduku kingine: "Michango ya pensheni". Akauliza kama aandike 600 za mwaka. Swali zuri kuliko la kwanza, maana hapo ndipo hata wenye uzoefu huteleza. Ikiwa pensheni imeshatolewa kupata 11,400, ukiiandika tena unaitoa mara mbili. Mapato yanashuka hadi 10,800, kodi inakuwa 960, na marejesho ya uongo ya 120 yanajitokeza.

"Angalia rangi ya visanduku," binamu akamwambia. "Kile cha mapato yanayotozwa, unaweza kuandika ndani yake?"

Aliweza. Maana yake fomu yake inataka namba iliyokwisha kusafishwa, yaani ile ya cheti, na pensheni haiandikwi tena kwa mchango uliopitia kwa mwajiri. Zipo fomu za aina ya pili, ambazo kisanduku hicho ni cha kijivu na hakiandikiki. Hizo hutaka uweke 12,000 kwenye mapato ghafi, 600 kwenye pensheni, kisha zinakujazia 11,400 zenyewe. Njia zote mbili ni sawa. Kinachoharibu ni kuchukua namba ya njia moja na kuipeleka kwenye njia nyingine.

Zawadi alipokokotoa upya, jibu lilikuwa 0. Akadhani ukurasa umegoma, akakokotoa tena. Ni 0. Kwa mtu mwenye mwajiri mmoja, aliyefanya kazi mwaka mzima na hana kipato kingine, hilo ndilo jibu la kutarajia, na tarakimu zikipungua au kuzidi kidogo huwa ni kwa sababu ya kukadiria senti.

Marejesho ya kweli yapo, na mara nyingi huwaangukia wahitimu. Mtu aliyeanza kazi katikati ya mwaka, pale ambapo kodi huhesabiwa kwa mwaka mzima, ana haki ya 6,000 zote ilhali mwajiri alimwekea kando 500 kila mwezi kwa ile miezi sita tu aliyofanya kazi. Angekuwa na mapato ya 5,700 kwa miezi hiyo, hafikii hata kiwango cha kutozwa, na 540 alizokatwa ni zake. Sababu inaonekana kwenye tarehe ya kuanza kazi iliyo kwenye cheti. Marejesho ambayo huwezi kuyaonyeshea sababu ya namna hiyo, irudie hesabu kabla ya kutuma. Kama umeshatuma, tafuta kwenye mfumo ritani ya marekebisho na uisahihishe mapema, kabla mamlaka haijakuandikia.