Kurusha video na kuakisi skrini ni vitu viwili

"Nikirusha video kwenye runinga, simu ndiyo inayoicheza, kwa hiyo nikizima skrini itakatika, na meseji zangu zitaonekana na wote."

Hayo hutokea ukiakisi skrini. Hapo simu inapiga picha ya kila kilicho mbele yako, inaibana na kuituma mfululizo, ndiyo maana chaji huisha haraka na meseji ikiingia kila aliye sebuleni anaisoma.

Kurusha ni kwingine. Ukigusa ile alama ya kimstatili chenye mawimbi pembeni, ndani ya programu ya video, kwa kawaida simu huipa runinga anwani ya video tu. Runinga yenyewe ndiyo inayoivuta kutoka kwenye intaneti, na simu inabaki kuwa rimoti.

Jaribu mwenyewe. Rusha video ndefu kutoka kwenye intaneti, kisha washa hali ya ndege kwenye simu, hakikisha Wi-Fi yake nayo imezimika, na usubiri dakika 5, maana runinga huwa imeshahifadhi kipande cha mbele. Ikiendelea kucheza, basi simu haikuwa ikiibeba.

Ila runinga isiwe inatumia hotspoti ya simu hiyohiyo. Hapo data yote inapita kwenye simu, bando ni lako, na ukiizima hotspoti hiyo, video itakwama. Video uliyoirekodi mwenyewe na iliyo ndani ya simu nayo itakwama ukiwasha hali ya ndege, kwa kuwa runinga haina pengine pa kuichukua.