Taya Zinapokaza Kabla Hujajibu

Karani mmoja wa stoo alikuja kwenye kitengo chetu cha ushauri nasaha akiwa na barua ya onyo. Bosi wake alikuwa ameandika kwenye grupu la kazi: "Stoo, katoni 3 ziko wapi? Mmelala tena?" Naye akamjibu palepale kwa maneno makali, wenzake wote wakasoma.

Nilipomuuliza mwili ulikuwaje kabla hajaandika, alisema hakuhisi kitu, alikasirika tu. Tulirudi nyuma taratibu, ndipo akakumbuka: meno yaliumana, masikio yakapata moto, pumzi ikawa fupi. Mwili ulikuwa umemwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza kama ya mtu anayejiandaa kupigana. Katika hali hiyo akili huona shambulio tu, na swali la kweli lililomo ndani ya ujumbe hulipita.

Dalili inayotangulia si moja kwa watu wote. Kuna anayeanza kwa tumbo kujikunja, mwingine koo hukauka. Ili uijue yako, kumbuka mara 3 za mwisho ulizokasirika kazini, kisha andika mwili ulianza na nini. Inayojirudia ndiyo ya kuiangalia. Ya karani huyu ilikuwa taya.

Tulikubaliana kwamba taya zikikaza tu, simu inalazwa kifudifudi mezani. Avute pumzi kwa puani akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6, mara 5 au 6. Kuitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Hiyo ni kama dakika moja. Hasira kubwa huhitaji zaidi, pengine dakika 20 au kupita.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu ametoka nje, lakini anarudia tusi kichwani na kupanga atakavyolipiza, na anarudi taya zikiwa bado zimekaza. Muda huo uupe kazi nyingine, kama kuhesabu mzigo au kupanga mafaili. Kupiga meza au kumfokea mtu mwingine "ili hasira zitoke" huzidisha moto.

Kunyamaza kabisa nako kuna hatari, maana bosi anaweza kukuona una dharau. Ujumbe kama ule ulipokuja tena, karani aliandika: "Nimeuona, bosi. Nakagua leja, nitakujibu saa 5." Leja ilionyesha katoni zilichukuliwa Ijumaa na dereva wa tawi, ila hati haikusainiwa. Saa 5 akaandika hayo, na akakiri kosa la saini.

Kama matusi ni ya kila siku, pumzi haitayaondoa. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, uyapeleke kwa ofisa rasilimali watu au chama cha wafanyakazi.