"Anayewashwa ni mtoto tu, sisi hatuna": dhana za upele zinazonichosha

Jamani wiki hii nimeambiwa tena, "dokta, anayewashwa ni huyu mtoto tu, sisi wengine tuko sawa." Hamko sawa. Hii ndo inaniudhi kuliko zote maana ndo inafanya upele uzunguke ndani ya nyumba moja miezi na miezi.

Kuna mama alimleta mwanae wa miaka 8, usiku anajikuna mpaka halali. Nikaangalia katikati ya vidole na kwenye kifundo cha mkono, nikaona vimistari vyembamba kama uzi, vimepinda, havifiki sentimita moja, mwishoni kuna kinukta. Ndo njia anazochimba utitiri jike kwenye ngozi na kutaga mayai humo. Kiunoni, kwapani na sehemu za siri vipele vidogo vimejaa. Nikawaambia mpake dawa nyumba nzima, wakampaka yeye peke yake, akapona kidogo, akarudi, akapakwa peke yake tena, akarudi. Mara ya tatu nikasema sitoi dawa mpaka waje wote sita. Baba aliyekuwa "haumwi kitu" alikuwa na mistari miwili vidoleni.

Iko hivi, kuwashwa ni mwili kumkataa huyo mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na kama ni mara yako ya kwanza mwili unachukua wiki 4 hadi 6 kushtuka, muda wote huo huwashwi ila unaambukiza. Mtoto katibiwa, usiku analala kitanda kimoja na dada yake, anaupata upya, na safari hii anawashwa ndani ya siku chache tu kwa sababu mwili ushamjua mdudu.

Kwa hiyo usiku mmoja, nyumba nzima, na dada wa kazi pia. Kama dawa mliyopewa ni krimu ya pemethrini ya asilimia 5, paka kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makalioni, lala nayo masaa 8 hadi 12 ndo uoge. Ukinawa mikono, paka tena mikono! Watoto wachanga hushikwa hadi kichwani na nyayoni, hao waleteni kwanza niwaone. Baada ya wiki rudieni wote. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita fueni kwa maji ya moto asubuhi hiyohiyo, kisichofulika kifungeni kwenye mfuko wiki nzima.

"Upele ni uchafu." Hapana, unatoka ngozi kwa ngozi, hata anayeoga mara tatu kwa siku anaupata.

"Nimepaka ile krimu ya mzio ikatulia." Umetuliza muwasho, mdudu yupo palepale anataga, na vipele vinabadilika sura mpaka hata sisi tunashindwa kuvitambua.

"Bado nawashwa, dawa feki." Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, usipake kila siku, unaiunguza ngozi. Ila ukiona vimistari vipya, au imezidi wiki nne, rudi, na uje na wote mnaolala nyumba hiyo.