Faida na hasara ya kubadilisha fedha, kwa anayeagiza mali kwa deni

Mwuza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anapokea mzigo kutoka Dubai katikati ya Novemba 2023. Bei ni dola 10,000, na ameruhusiwa kulipa mwisho wa Machi. Siku hiyo dola ni kama shilingi 152, kwa hiyo anaandika vitabuni mali ya 1,520,000 na deni la kiasi hichohicho.

Kuanzia hapo mali na deni haziendi pamoja tena. Vipuri vimeshanunuliwa, na gharama yake inabaki 1,520,000 hata dola ipande vipi. Deni ndilo linaloyumba, kwa sababu anadaiwa dola, wala si shilingi.

Akifunga hesabu Desemba 31, dola imefika kama 156. Deni linahesabiwa upya kwa kiwango cha siku hiyo: 1,560,000. Ile 40,000 iliyoongezeka ni hasara ya kubadilisha fedha, na inaingia katika hesabu ya faida na hasara ya 2023 ingawa hajatoa hata senti. Ndiyo maana huitwa hasara ambayo bado haijatimia. Wengi hukosea hapa: huipandisha bei ya mali ghalani ili deni na mali vilingane. Wakifanya hivyo, hasara inajificha ndani ya stoo, na faida ya mwaka inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kisha likatokea ambalo wachache walilitarajia. Februari 2024 Kenya ilipata fedha za hati mpya ya mkopo wa nje, hofu ya kushindwa kulipa ile ya zamani ikatulia, na shilingi ikapata nguvu ghafla. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Mwuzaji wetu analipa 1,320,000 kumaliza deni lililoandikwa 1,560,000. Faida ya 240,000 inaingia mwaka wa 2024. Ukitoa ile hasara ya Desemba, safari nzima imemwachia 200,000, yaani 152 toa 132, mara 10,000.

Kwa kodi, Kenya huangalia faida au hasara iliyotimia. Ile 40,000 ya Desemba hairuhusiwi kupunguza kodi ya 2023. Inarudishwa kwenye hesabu ya kodi, na tofauti inatazamwa deni likishalipwa.

Kama angetanguliza dola 3,000 kabla ya mzigo kusafirishwa, sehemu hiyo isingehesabiwa upya kamwe, kwani si deni. Ingebaki kwa kiwango cha siku aliyoitoa, na dola 7,000 tu ndizo zingeyumba.

Jambo moja la kuangalia: kiwango cha wastani cha Benki Kuu si bei ambayo benki yako inakuuzia dola. Mwaka 2023, dola zilipoadimika, pengo hilo lilikuwa la shilingi kadhaa. Ukifunga hesabu kwa kiwango cha wastani huku ukilipa kwa bei ya benki, hasara fulani itajitokeza siku ya malipo hata kama soko halikusogea.